Wiki tatu za kwanza Iten kwa mkimbiaji aliyezoea Tanga

Nafundisha wakimbiaji Tanga, na kila ninapompeleka mmoja kambini Iten, Kenya, tunagombana kwanza kuhusu saa ya mkononi. Mtu aliyezoea njia ya Raskazone, pembeni mwa bahari, anafika mita 2,400 na kutaka spidi ileile. Hewa ya kule ina asilimia 21 ya oksijeni kama ya kwetu, lakini mgandamizo wake ni kama robo tatu tu, hivyo kila pumzi inaingiza oksijeni pungufu na moyo unadunda haraka kufidia.

Kabla ya safari. Pima mapigo ya moyo ukiamka, kabla hujatoka kitandani, asubuhi saba mfululizo. Mwezi mmoja kabla, pima pia akiba ya madini ya chuma, maana bila chuma mwili hauna cha kutengenezea chembe nyekundu mpya za damu.

Wiki ya kwanza. Kijana niliyempeleka mara ya mwisho, akiwa Tanga alikuwa na mapigo 52 asubuhi, kilomita 60 kwa wiki, na mbio nyepesi za dakika 5 kwa kilomita. Nilimpa kilomita 40, zote nyepesi, siku mbili za mwanzo zikiwa za kutembea na jogi ya dakika 30. Dakika zake 5 zikawa 5 na sekunde 40, kwa sababu hapo ndipo alipoweza kusema sentensi nzima bila kukatika. Kipimo ni hicho, saa iache chumbani.

Siku ya tatu mapigo ya asubuhi yalikuwa 60. Hilo la kawaida, kwani siku za mwanzo sehemu ya majimaji ya damu hupungua. Kule jasho hukauka kabla hujaliona, na mtu wa Pwani hudhani hajatoka jasho. Kunywa maji hata hivyo. Ukiumwa kichwa na kutapika, au ukihema umekaa tu, acha mazoezi, muone daktari na uwe tayari kushuka.

Siku ya nne aliwafuata wenyeji kwenye spidi. Usiku mbili hakulala vizuri, mapigo yakapanda hadi 66, nikampumzisha siku tatu.

Wiki ya pili. Kilomita 48. Spidi ni mita 200 mara 8 tu, katikati unatembea mpaka pumzi irudi, hata kama ni dakika 2 au 3. Vipande vifupi hivi huifanya miguu isisahau kasi bila kukumaliza.

Wiki ya tatu. Ingia tu kama mapigo ya asubuhi yamekaribia ya nyumbani; yake yalikuwa 55. Uwanja wa Mkwakwani alikuwa anapiga mita 1,000 mara 6 kwa dakika 3:30, akipumzika dakika 2. Iten nilimpangia mara 4 kwa 3:45, mapumziko dakika 4. Akapiga 3:44, 3:45, 3:46. Cha nne kilitoka 3:55 huku mabega yamempanda masikioni, nikafunga mazoezi, na wiki iliyofuata tukarudia vitatu tu.