Somo: Kuondoa mngurumo wa jenereta kwenye ujumbe wa sauti bila kupoteza maneno

Mjomba wangu alinitumia ujumbe wa sauti wa dakika nne kuhusu kiwanja cha familia, akiwa amekaa barazani huku jenereta ya jirani ikinguruma. Niliusafisha kwa programu ya simu, nikaweka nguvu ya kusafisha hadi mwisho, kisha nikamsikilizisha mama. Sote wawili tulisikia, "Nitakiuza." Niliporudi kwenye ujumbe wa awali na kuusikiliza kwa hedifoni, mjomba alikuwa amesema, "Sitakiuza."

Sauti ya "s" haina mlio wa kooni. Ni hewa inayopenya kati ya ulimi na meno, na kwa programu inayosafisha, hewa hiyo inafanana sana na mvumo wa kelele. Ikiondolewa, kinachobaki ni "itakiuza", na sikio letu hujijazia "n" lenyewe. Sauti za "f", "sh" na "h" zina udhaifu huohuo. Kwa sababu hiyo, somo hili linafundisha kusafisha, lakini zaidi linafundisha kusikiliza kile kilichoondolewa, jambo ambalo programu nyingi za simu hazikuruhusu kulifanya.

Nitatumia FFmpeg, programu ya kushughulikia sauti kwa amri za maandishi, ndani ya Termux, programu ya kuandikia amri hizo kwenye simu ya Android. Vyote viwili ni vya bure, na baada ya kuvipakua, kazi yote hufanyika ndani ya simu, kwa hiyo maneno ya mjomba hayapelekwi kwenye kompyuta ya mtu mwingine. Pakua Termux kutoka F-Droid, duka la programu huria.

Hatua ya 1: Toa nakala. Fungua programu ya mafaili ya simu, uende `Android/media/com.whatsapp/WhatsApp/Media/WhatsApp Voice Notes`. Utakuta folda zilizopangwa kwa wiki, na ndani yake mafaili yenye majina yanayoanza na `PTT`, yakifuatiwa na tarehe. Nakili faili unalolihitaji kwenye folda ya `Download` na ulipe jina fupi lisilo na nafasi. Langu nililiita `mjomba.opus`. Faili la awali usiliguse kabisa.

Hatua ya 2: Andaa Termux. Andika mistari hii mmoja baada ya mwingine, na simu ikiomba ruhusa ya kusoma mafaili, ikubalie.

```
pkg install ffmpeg
termux-setup-storage
cd ~/storage/downloads
ffmpeg -i mjomba.opus mjomba.wav
```

Mstari wa mwisho unageuza ujumbe kuwa WAV, ili usibanwe upya kila unapojaribu.

Hatua ya 3: Pima kelele. Tafuta mahali ambapo jenereta inasikika peke yake. Kwa bahati nzuri watu wengi hubonyeza kitufe cha kurekodi kisha wakavuta pumzi kabla ya kusema, na mjomba alinyamaza kwa sekunde mbili za mwanzo.

```
ffmpeg -t 2 -i mjomba.wav -af highpass=f=80,volumedetect -f null -
```

Sehemu ya `highpass=f=80` inapunguza mngurumo mzito ulio chini ya sauti ya kawaida ya mtu. Katika majibu, tafuta `mean_volume`. Kwangu ilikuwa desibeli -38, na hiyo ndiyo namba ya kuanzia katika hatua inayofuata.

Hatua ya 4: Safisha kwa kiasi.

```
ffmpeg -i mjomba.wav -af "highpass=f=80,afftdn=nr=10:nf=-38" safi.wav
```

Hapa `nf` ni kiwango cha kelele ulichokipima, na `nr` ni desibeli za kupunguza. Kumi zinaonekana chache, lakini sikio husikia kana kwamba kelele imepungua karibu nusu, na kwa kawaida hiyo inatosha kuyaelewa maneno. Jenereta itaendelea kusikika kwa mbali, nawe iache isikike.

Hatua ya 5: Sikiliza kilichotupwa. Hii ndiyo hatua ninayowasihi msiiruke.

```
ffmpeg -i mjomba.wav -af "highpass=f=80,afftdn=nr=10:nf=-38:om=n" taka.wav
```

Kwa `om=n`, FFmpeg inakupa kile tu ambacho `afftdn` imekiondoa. Vaa hedifoni, ongeza sauti, usikilize faili la `taka.wav`. Ukisikia mngurumo mtupu, kazi ni nzuri. Ukisikia mtu ananong'ona ndani yake, hasa vipande vya "s" na "sh" vinavyofuata mwendo wa sentensi, umeanza kutupa maneno. Nilipojaribu `nr=30` kwa ujumbe wa mjomba, mnong'ono ulikuwa wazi kiasi cha kuweza kuhesabu maneno yake. Kwa 14 ulisikika kidogo. Kwa 10 haukuwepo. Kwenye faili safi lenyewe, dalili ya kuzidisha ni vilio vidogo vya kengele au sauti kama ya mtu anayezungumza chini ya maji.

Maswali ya wanachama

*Mwalimu, mimi nilirekodi kituo cha daladala. Kuna honi, wapiga debe na watoto. Nimefuata hatua zote na honi bado zipo.*

Ndugu yangu, njia hii inafaa kwa kelele isiyobadilika, kama jenereta, pangaboi au friji. Honi huja na kuondoka, na mpiga debe ni sauti ya mtu kama ya huyo uliyemrekodi. Kwa hali hiyo zipo programu zilizofunzwa kutambua usemi, mfano Enhance Speech ya Adobe Podcast, inayofunguliwa kwenye kivinjari. Matokeo yake mara nyingi husikika kama ya studio, lakini elewa kwamba inaijenga sauti upya, na mahali ambapo neno halikusikika vizuri inaweza kuweka mlio wa usemi ambao haukusemwa. Pia faili lako linapakiwa mtandaoni, kwa hiyo fikiri kwanza kama mazungumzo hayo ni ya siri.

*Natumia iPhone, na Termux haipo kwetu. Nifanyeje?*

Dada, kwa rekodi ulizozifanya mwenyewe katika Voice Memos, fungua rekodi na uwashe Enhance Recording. Huwezi kusikiliza kilichoondolewa, kwa hiyo linganisha: washa, zima, washa tena, ukirudia sentensi zenye "si-" na "ha-" mwanzoni, kwa kuwa ndizo zinazobeba makanusho.

*Shikamoo mwalimu. Nilimrekodi babu ufukweni na upepo umefunika kila kitu. Kuna namba ya kubadilisha?*

Marahaba, mwanangu. Hakuna namba itakayokusaidia pale ambapo upepo ulipiga kinasa sauti kwa nguvu hadi sauti ikapasuka, kwa sababu maneno ya babu hayamo kwenye faili. Pandisha `highpass` hadi 150 uone kama mvumo utapungua katika sehemu ambazo hazikupasuka. Ikiwezekana kurekodi tena, mkalishe babu nyuma ya ukuta na uishike simu kiasi cha shubiri moja kutoka mdomoni mwake, pembeni kidogo, ili pumzi yake isiigonge moja kwa moja.

*Naomba kujua kama mliutumia ujumbe uliosafishwa kwenye kikao cha ukoo.*

Tulipeleka yote mawili. Tulianza na faili safi la `nr=10`, kisha tukacheza la awali kwenye sentensi ya kiwanja tu, kupitia spika ya nje, mara tatu. Mjomba mdogo ndiye aliyeisikia "s" kwanza.