Hati ya Makabidhiano kwa Mhasibu Anayeacha Kazi

Mhasibu anayeacha kazi huelekea kuorodhesha majukumu yake, ilhali majukumu hayo tayari yamo katika maelezo ya ajira; kinachomkwamisha anayebaki ni mambo yaliyoachwa njiani. Kwa kila jambo ambalo halijakamilika, andika hatua uliyofikia, anayesubiriwa, tarehe ya kufuatilia na jalada lilipo, kwa mfano: “Ankara ya msambazaji wa karatasi imezuiwa kwa kukosa risiti ya EFD, ofisa manunuzi ataileta kufikia tarehe 12, isilipwe kabla ya hapo.” Usiiache sababu ya kuzuia, kwa kuwa ndiyo husahaulika kwanza.

Tarehe za kisheria, kama ile ya 7 ya mwezi unaofuata ambayo kodi ya mishahara huwa imekwisha kulipwa TRA, zikae juu kabisa katika hati. Nywila zisiandikwe humo, na namba ya simu inayopokea ujumbe wa uthibitisho wa mifumo ibadilishwe ungali kazini.

Rasimu iwe tayari kabla ya mishahara ya mwisho kuandaliwa ukiwa bado kazini, ili mwenzako aandae mishahara hiyo kwa kuifuata hati huku wewe umekaa kando kimya. Kila swali atakalouliza, jibu lake liongezwe humo papo hapo.