SOMO: Mstari ukikatika kwenye karatasi na ukikatika mdomoni ni vitu viwili (kwa wanaotunga na wanaoimba)

Habari za jioni wadau. Niliahidi somo hili tangu wiki iliyopita ila Arusha umeme umetusumbua, leo umerudi acha niandike kabla haujakata tena.

Mada ni mistari mishata. Mnakumbuka shule, mshororo kifu ni ule unaojitosheleza, maana inaishia pale pale mwishoni mwa mstari, na mshororo mshata ni ule unaokuachia maana hewani mpaka usome mstari unaofuata. Kwenye mtihani tuliandika tukapata maksi zetu tukasahau. Ukiingia studio ndo unagundua kwamba kile kitu kina kazi, na kinaweza kukuharibia wimbo mzima.

Nitatumia mfano mmoja tu mwanzo mwisho. Kuna dada alikuja kurekodi kwangu Sakina, wimbo wake wa gitaa tu, taratibu, mapigo 80 kwa dakika. Tulitunga wote. Ubeti wa kwanza huu hapa, hesabu mizani utakuta nane nane:

Nimefika Kilombero
haisi zimeshajaa
baridi inaniuma
na simu imekataa

Ubeti wa pili:

Kweli mimi sikupendi
ukinisema kwa watu
nilikubebea nguo
za mamako na viatu

Ukisoma kwa macho beti zote mbili ziko poa, mizani sawa, vina vya mwisho vipo kwenye mstari wa pili na wa nne. Tulipoimba ule wa kwanza ukateleza kama maji. Wa pili ukagoma, dada anaimba vizuri kabisa ila kila aliyekuwa studio anakunja uso na hakuna anayejua kwa nini.

HATUA YA KWANZA: sahau maneno, hesabu kimya.

Imba melodi yako kwa la-la-la na usikilize inanyamaza wapi. Kwa mapigo 80 baa moja ya mapigo manne ni sekunde 3. Melodi yetu ilikuwa hivi, mstari unaimbwa baa moja, mizani nane zinaenea zote, halafu baa nzima inayofuata ni gitaa peke yake. Yaani sekunde 3 za kuimba, sekunde 3 za kimya cha sauti, kila mstari. Hizo sekunde 3 ndo mkato wa mstari kwa msikilizaji. Msomaji yeye mkato wake hauna hata nusu sekunde, jicho linashuka chini, tena kabla halijashuka limeshaona kuna maneno mengine, hakuna nukta, hakuna herufi kubwa, kwa hiyo anajua sentensi haijaisha. Sikio halioni mbele. Sikio linajua ulichokwisha kusema basi.

HATUA YA PILI: weka maneno juu ya kile kimya uone kinaangukia wapi.

Ubeti wa kwanza kila kimya kinaangukia mahali ambapo maana imeisha. Nimefika Kilombero, kimya, sawa. Haisi zimeshajaa, kimya, sawa. Ndo maana uliteleza, tuliutungia melodi huo huo ubeti.

Ubeti wa pili sasa. "Kweli mimi sikupendi", halafu sekunde 3 gitaa linalia. Msikilizaji ameshaachwa! Ameshapokea taarifa kwamba hapendwi, ameumia, anaanza kujiuliza imekuaje, ndo unamwambia "ukinisema kwa watu". Na mstari wa tatu "nilikubebea nguo", kimya, ameelewa ni nguo zake yeye, kumbe za mama yake. Makosa yote mawili ni ya aina moja ila dawa zake siyo moja, hapo ndo watu wengi wanakosea, wanatibu mishata yote kwa panadol moja.

Jaribio langu la siku zote: chukua mtu ambaye hajaona karatasi, mwimbie mpaka kwenye kimya, simama, muulize umesikia nini. Mimi nilimwita kijana wa duka la jirani. Nikasimama kwenye "sikupendi" akasema "wameachana". Nikasimama kwenye "nguo" akasema "kamletea nguo". Hapo una majibu.

HATUA YA TATU: amua, huu mshata nauacha uning'inie au nauvuta.

Ule wa "sikupendi" mimi niliutaka uning'inie, maana ule mshtuko ni mali, mtu anadhani penzi limekufa kumbe ni lawama tu. Shida ilikuwa melodi. Tuliimaliza "-pendi" kwa re, do. Do ni nyumbani, ukitua do umefunga mlango, umesema yameisha, na gitaa nalo lilikuwa limetua G pale pale. Tukageuza silabi mbili tu, "-pendi" ikawa do, re, na gitaa likaenda D. Sasa melodi yenyewe inamwambia msikilizaji subiri kuna jambo.

Bado kimya kilikuwa kirefu. Kwa hiyo mstari wa pili tukauanzisha mapema, silabi tatu "u-ki-ni" zikaingia kwenye mkia wa baa ya gitaa ili SE ya "ukiniSEma" itue pigo la kwanza la baa inayofuata. Angalia faida mbili hapo. Kimya kimeshuka kutoka sekunde 3 hadi kama 2 kasoro, kinatosha kushtua hakitoshi kuudhi. Na silabi yenye mkazo imekaa kwenye pigo zito, kwa sababu Kiswahili mkazo wake ni silabi ya pili kutoka mwisho, na kabla ya hapo SE ilikuwa inaangukia katikati ya mapigo, ilisikika kama mgeni anaongea.

Ule wa "nguo" hauna siri yoyote ya kuficha, kumwacha mtu afikirie nguo ni zake halafu umnyang'anye hakuongezi kitu kwenye hadithi. Huo tukauvuta. Mistari miwili ikaimbwa mfululizo bila kimya, "nilikubebea nguo za mamako na viatu", mizani 16, baa mbili, sekunde 6, pumzi moja, halafu gitaa likapewa baa zake mbili zote mwishoni. Kwenye karatasi bado ni mistari miwili, mdomoni ni mmoja.

HATUA YA NNE: kagua vina kabla hujashangilia.

Kina kinasikika pale melodi inaponyamaza au inapotua. Ukivuta mstari ukapita juu ya kina bila kusimama, kina kinazama, msomaji anakiona ila msikilizaji hana habari nacho. Sisi tulipona kwa sababu "nguo" haikuwa na kina, kina kilikuwa "watu" na "viatu" na kote tulitua. Ingekuwa kina kipo kwenye "nguo" ningetafuta njia nyingine.

Na jamani, aibu yangu niiseme. Rasimu ya kwanza mstari wa tatu ulikuwa "nilikubebea nguo za" na wa nne "mamako na viatu". Mizani tisa na saba, nikajiona mjanja. Dada akaivuta ile za, "zaaaaa", sekunde nzima, studio wote wakacheka. Za, ya, wa, la, hivi ni vya neno linalofuata, ukiviacha mwisho wa mstari kwenye karatasi vinavumilika, ukiviimba kwa noti ndefu mtu anasikia kama umesahau maneno. Visukume vianze mstari wa chini.

Haya, maswali.

chalii_wa_ngarenaro: Braza somo kali. Mi sasa nachana siimbi, na hiyo baa ya gitaa sina, biti inaenda tu. Mshata kwangu unasikikaje?

Jibu: Chalii wangu, kwako kimya siyo kipimo, kipimo ni snea ya pigo la nne, maana wengi tunaweka kina pale. Ukimaliza sentensi na kina pale pale kila baa, mistari kumi inakuwa kama mtu anapiga misumari. Acha kina kitue pigo la nne lakini sentensi iendelee mpaka pigo la kwanza au la pili la baa inayofuata, ndo uvute pumzi pale. Ila panga pumzi mapema, ukivuta mishata mitatu mfululizo bila pa kupumua, wa nne utaumeza na kwenye maiki inasikika.

Mwl. wa kwaya, Moshi: Shikamoo mwandishi, kama ni mkubwa kwangu. Sisi wimbo una beti tano, melodi moja, sol-fa imeshaandikwa na kamati ya kwaya haitaki niguse noti. Ubeti wa tatu unakata sentensi katikati na wanakwaya wote wanapumua pale. Nifanyeje?

Jibu: Marahaba mwalimu, ingawa sidhani nimekuzidi. Usiguse noti, gusa pumzi. Andika alama ya pumzi kwenye nakala za ubeti wa tatu peke yake, pale maana inapoishia, na pale mstari unapokatika andika "usipumue". Kama sentensi ni ndefu wasipumue pamoja, sauti ya kwanza na ya tatu wapumue neno moja kabla, ya pili na ya nne neno moja baada, kanisa halitasikia shimo. Na ongea na mpiga kinanda, mara nyingi yeye ndo anang'ang'ania noti ya mwisho wa mstari kwa mazoea ya ubeti wa kwanza, kwaya inavuka yeye bado yuko ng'ambo.

mama_wawili_kijenge: Samahani, mimi natunga mashairi ya kusoma tu, tulifundishwa mshata ni udhaifu, mtunzi kashindwa kumaliza wazo ndani ya mizani.

Jibu: Dada mimi nilifundishwa ni aina, siyo kosa, lakini nakuelewa. Ukiona neno la mwisho limekaa pale kwa sababu tu mizani ziliisha, huo kweli ni udhaifu. Ukiona mstari wa chini unageuza ulichodhani juu, kama "sikupendi", huyo alikusudia. Soma kwa sauti usimame sekunde 3 mwisho wa mstari. Kama kile kimya kinakuudhi bila kukupa kitu, vunja.

Dogo_Pasua: Kwahiyo nikiandika mashairi ya kumpa mwimbaji nikate mistari kivipi, kwa vina au kwa pumzi?

Jibu: Andika nakala mbili. Ya kusoma kata kwa vina na mizani. Ya maiki kata kwa pumzi, mstari mmoja pumzi moja, hata kama mmoja una mizani 16 na mwingine nne. Yule dada nilimpa ya kusoma kwa makosa siku ya pili ya kurekodi, na kweli, alipofika "nguo" akasimama.

Dogo_Pasua: 😂😂 ya kwangu ina "wa" mwisho wa mstari mara tatu, naenda kuisukuma chini sasa hivi