Sare ya shule ndogo: namna ya kupata rangi inayopendeza mpaka saa nane mchana

Sare nyingi huchaguliwa ofisini, juu ya meza, kitambaa kikiwa kipya na kimepigwa pasi. Pale kila rangi inapendeza. Mimi nashona sare mkoani Arusha, na rangi naipima kwa sura ya mtoto anaporudi nyumbani mchana, ameshakaa chini, amekula makande, amefuta ubao na amecheza mpira. Hapa nitaeleza hatua ninazofuata, na mfano wangu ni shule ndogo ya Karatu yenye watoto 140, chekechea mpaka darasa la nne. Karatu ina udongo mwekundu, na udongo mwekundu hauna huruma na nguo.

Hatua ya 1: Anza na udongo, kitambaa baadaye

Doa huonekana kwa sababu limepishana na kitambaa, ama kwa weupe na weusi, ama kwa rangi yenyewe. Kwa hiyo hakuna rangi "isiyoonesha uchafu" kila mahali. Ipo isiyoonesha uchafu wa hapo ulipo.

Nenda shuleni ukachote udongo sehemu mbili: uwanjani, na pale watoto wanapokaa wakati wa chai. Jaza kopo moja kwa kila sehemu. Kila udongo upake kidogo kwenye karatasi nyeupe ukiwa mkavu, kisha ulowanishe na upake pembeni. Zile rangi mbili, ya vumbi na ya tope, ndizo utakazopambana nazo mwaka mzima.

Watu wengi hukosea hapa: wanadhani rangi nzito ndiyo inaficha. Vumbi karibu lote ni jepesi kuliko nyeusi na bluu nevi. Mtoto mwenye kaptula nyeusi akikaa chini mara moja, akisimama ana alama mbili za makalio zinazoonekana toka getini. Ongeza na chaki. Nyeupe nayo inashindwa upande wa pili, hasa Karatu, maana wekundu wa udongo ule unatokana na chuma, ni kama kutu. Jiki haiondoi kutu. Inaondoa uchafu mwingine wote na kuliacha doa peke yake, limekolea. Limau na chumvi husaidia kidogo, lakini huwezi kumwambia mzazi akamue limau kila Jumamosi kwa ajili ya soksi.

Rangi zinazofanya kazi vizuri ziko katikati: si nyeupe, si nyeusi, na zina undugu na udongo wa mahali. Kwenye udongo mwekundu ni damu ya mzee, kahawia ya joto, na kaki iliyoiva. Kwenye udongo mweusi wa mbuga, kijivu cha wastani kinafaa zaidi. Pwani, kwenye mchanga mweupe, kaki ya kawaida na bluu ya wastani hukaa vizuri, ilhali bluu nevi huonekana kama imenyunyiziwa unga.

Hatua ya 2: Kata vipande, uvitoe nje ya duka

Chagua rangi tano au sita, si zaidi, na omba kipande cha kila moja, kiasi cha sentimita 20 kwa 20. Chukua viwili viwili. Kimoja kitateswa, kingine kitabaki kuwa shahidi. Usikubali rangi chini ya taa ya duka. Toka nacho barazani, ukitazame juani na kivulini. Kuna damu ya mzee ambazo dukani zinafanana kabisa, nje moja inakuwa zambarau.

Chomoa uzi mmoja wa kitambaa uuchome kwa kiberiti. Ukiyeyuka na kuacha kidonge kigumu, ni plastiki tupu: rangi yake hudumu, lakini jasho na mafuta hukwama humo na mtoto anaungua joto. Ukiungua kama karatasi na kuacha majivu laini, ni pamba tupu: inapumua vizuri ila hupauka na kujikunja haraka. Sare inataka mchanganyiko, nao utaona unaungua huku ukiacha ugumu kidogo ndani ya majivu.

Hatua ya 3: Vichafue kwa makusudi

Hapa ndipo rangi zinapojitenga. Kila kipande kigawe kwa chaki katika pembe nne. Pembe ya kwanza sugua vumbi kavu kisha kung'uta, kama mtoto anavyojipangusa. Ya pili paka tope, liache likauke, ulikwangue. Ya tatu gusa kwa kidole chenye mafuta ya kupikia. Ya nne futia ubao na uchore mstari wa peni ya bluu.

Bandika vipande vyote ukutani, rudi nyuma hatua tano, uangalie. Umbali huo una maana yake: ndipo anaposimama mgeni anapomtazama mtoto. Ukiwa karibu kila doa unaliona, na utakata tamaa bure.

Utagundua kuwa vumbi na mafuta havishindwi na rangi moja. Vumbi linataka rangi ya wastani. Mafuta na jasho hukiivisha kitambaa, kikaonekana kimelowa, na hilo huonekana sana kwenye kijivu chepesi na kaki nyepesi kuliko kwenye rangi iliyokolea. Ndiyo maana sehemu ya chini na ya juu ya sare huchaguliwa kwa sababu tofauti. Kaptula na sketi zinapambana na ardhi. Shati linapambana na chakula, peni, na shingo.

Kwa shati, silaha nzuri kuliko rangi yoyote ni drafti ndogo. Miraba yake humsumbua mtazamaji, jicho linashindwa kujua doa linaanzia wapi. Mraba uwe wa nusu inchi au chini ya hapo. Drafti kubwa haifichi, kwa sababu doa huingia zima ndani ya mraba mmoja.

Hatua ya 4: Osha, loweka, anika

Chukua kitambaa cheupe kibichi, ukisugue kwa nguvu juu ya kila kipande mara ishirini hivi. Kikitoka na rangi, kipande hicho kiweke pembeni. Kisha loweka vilivyobaki usiku kucha kwenye maji ya moto na sabuni ya unga, kila kimoja kimefungwa pamoja na kipande cheupe. Damu ya mzee ndiyo ya kuogopwa zaidi hapa. Ikichuja, kola nyeupe ya mtoto inakuwa ya waridi wiki ya kwanza, na simu zinaanza. Utaambiwa uloweke kwa chumvi au siki ili rangi ishike. Kitambaa ambacho kiwandani hakikushika rangi, chumvi ya jikoni haitakiokoa. Tafuta jora jingine.

Mwisho, anika kipande juani wiki mbili, nusu yake ikiwa imefunikwa kwa kadibodi. Ukifunua na kuona mpaka, ndivyo mabega ya mashati yatakavyokuwa muhula wa pili.

Hatua ya 5: Panga sare nzima

Karatu, mwalimu mkuu alikuwa tayari na uamuzi wake. "Fundi, shati jeupe ndilo linaloonesha kwamba hii ni shule," aliniambia.

"Ni kweli, Mwalimu, na jeupe lina faida yake," nilimjibu. "Mzazi akinunua jingine mwezi wa saba linafanana na la Januari. Ila hebu tulipake udongo wako tuone."

Tulipaka. Alilitazama muda, akaniuliza drafti zinapatikana wapi.

Tulichokubaliana kilikuwa hivi. Kaptula na sketi ni damu ya mzee, ile yenye uhudhurungi kidogo, si yenye kuelekea zambarau. Shati ni drafti ndogo ya damu ya mzee juu ya rangi ya maziwa. Rangi ya maziwa badala ya nyeupe kwa sababu shati likifuliwa na maji ya vumbi halionekani limechakaa. Ukingo wa ndani ya kola, pale shingo inapogusa, umewekewa damu ya mzee tupu, kwa hiyo ile mistari ya jasho haionekani shati likianikwa wala likivaliwa wazi.

Sweta lilitusumbua. Karatu ni baridi na watoto hulivaa karibu asubuhi yote. Wazo la kwanza lilikuwa damu ya mzee pia, lakini nyuzi za kufuma na kitambaa hazipokei rangi sawasawa, na rangi mbili zinazokaribia kufanana bila kufanana ndizo zinazoifanya sare ionekane ya kuokoteza. Ama zifanane kabisa, ama zipishane wazi. Tukachukua bluu nevi, ambayo kwenye sweta haina shida sana kwa kuwa sweta halikaliwi, na tukaweka mistari miwili ya damu ya mzee kwenye ukingo wa mikono, sehemu inayochafuka kwanza. Soksi ni damu ya mzee. Mwalimu alitaka nyeupe za siku ya mahafali. Sawa, siku moja haiui.

Ukihesabu, kuna rangi tatu: damu ya mzee, maziwa na nevi. Ya nne ingeharibu. Unadhifu wa sare unatoka hapo, kwenye rangi chache zinazorudiana juu na chini, na kwenye mpaka ulio wazi kiunoni.

Hatua ya 6: Wavishe watoto wachache kwanza

Shona pea nne au tano tu. Mpe mtoto wa chekechea, mvulana anayependa mpira, msichana wa darasa la nne, na anayekaa karibu na ubao. Wavae wiki mbili. Waambie wazazi wafue kama kawaida yao, wasiitunze. Halafu wapange mstari saa nane mchana, uwaangalie kutoka hatua tano. Waulize na kina mama wanaofua, maana wao ndio watakwambia kama shati linakauka usiku mmoja na kama lina harufu ingawa linaonekana safi. Rangi inayoficha vizuri ina ubaya huo: nguo inaweza kurudiwa siku tatu. Shule ya Karatu iliweka siku ya kubadilisha shati, Jumatano, na walimu wanaisimamia.

Hatua ya 7: Funga rangi

Kabla ya kuwatangazia wazazi, hakikisha kitambaa kinapatikana kwa wauzaji wawili au zaidi. Rangi nzuri inayoletwa na duka moja itakuadhiri mwakani. Jora za mwaka mmoja nunua za mkupuo mmoja kama fedha inaruhusu, kwa sababu hata rangi ya namba ileile hutofautiana kidogo kila inapotiwa kiwandani. Namba hiyo mara nyingi ipo kwenye lebo ya jora au imepigwa chapa pembeni, iandike.

Vile vipande mashahidi vikate mara tatu. Kimoja kibaki ofisini kwenye bahasha ya kaki, mbali na dirisha, kimoja kwa fundi, kimoja kwa muuza kitambaa. Jora jipya likija, lilinganishe na kipande, juani, kabla mkasi haujaligusa.