Fedha zimetoka, nani amezitoa? Namna ya kusoma taarifa ya benki ya Italia

Ukifungua estratto conto, yaani taarifa ya akaunti yako ya Italia, jiulize jambo moja kwenye kila mstari: fedha hizi amezitoa nani? Kama umezituma mwenyewe, mstari utakuwa na neno bonifico. Kama kampuni imekuja kuzichukua kwa idhini uliyoisaini, utakuta addebito pamoja na herufi SDD. Kama ni benki imejikatia, utaona commissioni, spese, canone au competenze. Jibu la swali hilo ndilo linaloamua kama fedha unaweza kuzirudisha, umwendee nani, na una muda gani wa kudai.

Tuchukue mfano wa dada anayemhudumia bibi mzee mjini Verona. Hii ni sehemu ya taarifa yake ya mwezi Machi:

```
DATA   VALUTA  DESCRIZIONE                    DARE     AVERE
               SALDO INIZIALE                          5.412,60
05/03  05/03   BONIFICO A VS FAVORE STIPENDIO          1.180,00
10/03  10/03   ADDEBITO SDD LUCE E GAS        74,30
12/03  12/03   PRELIEVO ATM ALTRA BANCA       100,00
12/03  12/03   COMMISSIONI PRELIEVO           2,00
20/03  20/03   BONIFICO ESTERO                300,00
20/03  20/03   COMMISSIONI BONIFICO ESTERO    15,00
31/03  31/03   CANONE MENSILE CONTO           5,00
31/03  31/03   IMPOSTA DI BOLLO               8,55
```

Anza na tarakimu, maana hapa ndipo wageni wengi tunapojikwaa. Waitaliano huweka nukta kwenye maelfu na mkato kwenye senti, kinyume cha tulivyozoea nyumbani. Kwa hiyo 1.180,00 ni euro elfu moja mia moja na themanini, na 74,30 ni euro sabini na nne na senti thelathini. Safu ya DARE ni ya fedha zilizotoka, AVERE ni ya zilizoingia. Benki nyingine huandika Uscite na Entrate, ambazo ni rahisi kukumbuka, lakini nyingine huandika Addebiti na Accrediti. Maneno hayo mawili yanafanana sana machoni, kwa hiyo yasome hadi herufi ya mwisho.

Tarehe nazo ni mbili. DATA ni siku benki ilipouandika mstari kwenye daftari lake, na VALUTA ni siku fedha zinapoanza au kuacha kuhesabiwa kwa ajili ya riba. Kwa matumizi ya kawaida ya nyumbani, tarehe hizi hazitakusumbua. La kuangalia zaidi ni tofauti ya salio kwenye programu ya simu: saldo contabile ni hesabu ya yale yaliyokwisha kuandikwa, na saldo disponibile ni fedha unazoweza kuzitumia sasa hivi. Ukilipa dukani kwa kadi, saldo disponibile hushuka papo hapo hata kama mstari wenyewe utaandikwa siku moja au mbili baadaye. Kabla ya kutuma fedha au kulipa kodi ya nyumba, tazama hiyo.

Sasa tuingie kwenye addebito, kwa sababu ndiyo inayowashtua watu. Nyumbani tumezoea kwamba hakuna fedha inayotoka kwenye simu bila wewe kuingiza namba ya siri. Kwa addebito diretto mambo ni tofauti: siku unafungua mkataba wa umeme, gesi, simu au mazoezi ya viungo, unaandika IBAN yako na kusaini karatasi inayoitwa mandato. Kuanzia hapo, kampuni huiomba benki fedha kila ankara inapofika, na benki inalipa bila kukuuliza tena. Kwa hiyo mstari wa ADDEBITO SDD unaotokea ghafla mara nyingi hutokana na mkataba uliosahaulika: huduma ya majaribio ya mwezi mmoja iliyogeuka ya kudumu, au laini ya simu uliyoiacha bila kuifunga rasmi. Bonyeza mstari huo kwenye programu ya benki. Ndani utakuta jina la anayedai (creditore), namba yake ya utambulisho, na namba ya mandato. Linganisha na mikataba yako kabla ya kuamua kwamba umeibiwa.

Na hapa sheria ya Ulaya imekupa nguvu ambayo watu wetu wengi hawaitumii. Kwa SDD ya kawaida ya wateja binafsi, una majuma nane tangu siku fedha zilipotoka kuiomba benki yako izirudishe, hata kama uliisaini ile mandato. Maombi haya huitwa richiesta di rimborso, na mara nyingi yapo kwenye programu ya simu karibu na mstari wenyewe. Kama hukuwahi kutoa idhini kabisa, muda wako ni miezi 13. Kama unajua fedha zitakatwa kesho na hutaki zikatwe, unaweza kuzuia hadi mwisho wa siku ya kazi inayotangulia, na unaweza pia kuifuta mandato yenyewe kwa kitendo kinachoitwa revoca.

Lakini kurudishiwa fedha hakufuti deni. Dada wa Verona akirudisha zile euro 74,30 wakati umeme ameutumia kweli, kampuni itamtumia barua ya madai, kisha gharama za kuchelewa, na mwishoni inaweza kumkatia huduma. Rimborso ni ya ankara yenye makosa, ya mkataba uliokwisha, au ya udanganyifu. Kama tatizo ni mkataba, uvunje kwa maandishi kwanza, kwa njia iliyotajwa ndani ya mkataba. Jambo jingine: akaunti ikiwa haina fedha siku ya makato, benki inaweza kukataa kulipa, na kampuni itaihesabu ankara hiyo kuwa insoluto, haijalipwa.

Bonifico mambo yake ni mengine. Ukiona BONIFICO A VS FAVORE, hiyo imeingia kwako. VS ni kifupi cha vostro. Anayetuma huitwa ordinante, anayepokea beneficiario, na sababu uliyoiandika ni causale. Usiidharau hiyo causale. Ukilipa kodi ya nyumba andika mwezi na anwani, kwa mfano "affitto aprile 2026" kisha jina la mtaa, kwa sababu siku mwenye nyumba akidai hukulipa, mstari huo ndio ushahidi wako. Ndani ya mstari pia utakuta namba ya CRO au TRN. Hiyo ndiyo namba ya kumpa mtu anayesema fedha hazijamfikia, ili benki yake iitafute.

Ugumu wa bonifico ni kwamba ikishatekelezwa hairudi kwa uamuzi wako peke yako. Ukikosea IBAN, unaweza kuiomba benki ifanye richiamo, yaani iwaombe wa upande wa pili warudishe, lakini aliyepokea asipokubali utalazimika kumdai mwenyewe. Tangu tarehe 9 Oktoba 2025, benki za nchi zinazotumia euro zinatakiwa kulinganisha jina na IBAN kabla hujathibitisha. Ukiona onyo kwamba jina halilingani, simama, mpigie mhusika kwa namba uliyokuwa nayo tangu zamani, wala si ile iliyokuja kwenye ujumbe wa kuomba fedha. Sheria hiyohiyo imezitaka benki hizo zisitoze bonifico istantaneo, inayofika ndani ya sekunde kumi, zaidi ya ile ya kawaida inayofika siku ya kazi inayofuata.

Haya yote ni ndani ya SEPA, yaani eneo la pamoja la malipo ya euro la Ulaya. Tanzania, Kenya, Uganda na jirani zetu hawamo, ndiyo maana mstari wa tarehe 20 unasema BONIFICO ESTERO na umefuatwa na commissioni za euro 15. Wakati wa kujaza fomu, benki hukuuliza gharama abebe nani: OUR ni wewe uliyetuma, SHA ni kila mmoja upande wake, BEN ni anayepokea. Ukichagua SHA, benki zilizo njiani huweza kukata zao humohumo ndani ya zile euro 300, na makato hayo hayataonekana kwenye taarifa yako hata kidogo. Ndugu aliye Mwanza akisema amepokea pungufu, usimshuku. Mwombe taarifa ya upande wake. Na kama benki ya Italia imebadilisha fedha kuwa shilingi au dola, angalia neno cambio kwenye maelezo ya mstari na ukilinganishe na bei ya soko ya siku hiyo. Gharama kubwa mara nyingi imejificha pale, kuliko kwenye commissioni zenyewe.

Commissioni kwa kawaida huandikwa mstari wa peke yake, chini ya shughuli iliyozisababisha. Zile euro 2 za tarehe 12 zimetokana na kutoa fedha kwenye mashine ya benki nyingine. Canone ni ada ya kuwa na akaunti, utumie usitumie. Jumlisha mistari ya benki ya mwezi huo: 2,00 na 15,00 na 5,00 ni euro 22. Ile 8,55 usiitie humo, kwa kuwa imposta di bollo ni kodi ya serikali ambayo benki inaikusanya tu. Kwa mtu binafsi ni euro 34,20 kwa mwaka, ikikatwa kwa robo mwaka inakuwa 8,55, na hutozwa pale wastani wa fedha zako, yaani giacenza media, unapozidi euro 5.000. Dada huyu anakusanya fedha za kujenga nyumbani, ndiyo maana imemgusa. Mwenye wastani wa chini ya hapo hatauona mstari huo.

Kwa mwenye kipato kidogo ipo conto di base. Ukiwa na cheti cha ISEE, yaani kipimo cha hali ya kiuchumi ya familia, kilicho chini ya euro 11.600, akaunti hiyo haina ada kwa huduma zake za msingi na haina bollo. Cheti hicho huandaliwa kwenye ofisi za CAF zinazosaidia watu mambo ya kodi, na hufanywa upya kila mwaka. Ulizia kwenye tawi kwa jina hilohilo, conto di base, kwa kuwa afisa huenda asiitaje mwenyewe.

Mstari usiouelewa usiuache ukapita. Taarifa ya akaunti isipopingwa kwa maandishi ndani ya siku 60 tangu uipokee huhesabiwa kuwa umeikubali, isipokuwa mkataba wako unasema vingine. Andika reclamo kwa ofisi ya malalamiko ya benki, utaje tarehe, kiasi na maneno ya mstari kama yalivyo. Kwa malipo kama bonifico na addebito, benki inatakiwa kujibu ndani ya siku 15 za kazi. Kwa mengine, siku 60. Isipojibu, au jibu lisipokuridhisha, unaweza kupeleka shauri kwa Arbitro Bancario Finanziario, chombo kinachoamua migogoro ya wateja na benki, kwa mtandao, bila wakili, kwa ada ya euro 20, ambazo benki itakurudishia ukishinda.