Somo: Kuomba, kudai na kuarifu katika barua za fedha

Wadau, leo tushughulike na barua ya mtu anayedai malipo ya kazi aliyokwisha kuimaliza. Ndiyo inayoharibika mara nyingi, kwa sababu mwandishi anaona aibu kudai, kisha anaandika kana kwamba anaomba msaada.

Hatua ya 1. Kabla ya kuandika, jiulize: huyu mtu akikataa, atakuwa amekosea? Kama anaweza kukataa bila kuvunja makubaliano, barua yako ni ombi. Kama kukataa ni kuvunja makubaliano, hilo ni dai. Na kama humtaki akubali wala akatae, bali ajue tu, hiyo ni taarifa. Kubadilisha akaunti yako ya benki ni taarifa. Kuongezewa muda wa kulipa ni ombi, hata kama una sababu nzito kiasi gani. Kulipwa kazi iliyokwisha kupokelewa ni dai.

Hatua ya 2. Andika aina ya barua kwenye kichwa: "YAH: DAI LA SALIO LA ANKARA NAMBA 27". Msomaji ajue anatakiwa kufanya nini kabla hajafika aya ya kwanza.

Hatua ya 3. Chagua kitenzi kinachobeba barua. Taarifa hubebwa na "napenda kukujulisha kwamba", na huishia hapo. Ukiongeza "natumaini utakubali", umempa nafasi ya kukataa jambo ambalo hukumwomba. Ombi hubebwa na "naomba", likafuatiwa na sababu moja na tarehe ambayo ungependa kujibiwa. Dai hubebwa na "unatakiwa kulipa".

Tazama barua hii:

"Naomba unisaidie hela yangu ya ile kazi ya ramani, hali ni ngumu, hata kidogo ulichonacho nitashukuru."

Neno "unisaidie" limegeuza deni kuwa hisani. "Hali ni ngumu" inamhusu mwandishi, wala si sababu ya mdaiwa kulipa. Sababu ni kwamba kazi ilifanyika. Na hiyo "hata kidogo" ndiyo mbaya kuliko zote, kwani mdaiwa atatuma kidogo kweli, na baadaye anaweza kusema mlielewana hivyo. Hakuna kiasi, hakuna tarehe.

Sasa iandikwe kama dai:

"Ninarejea ankara namba 27 ya tarehe 4 Machi, yenye jumla ya 600,000, kwa kazi ya kuchora ramani uliyoipokea. Kwa makubaliano yetu ya siku 30, malipo yalipaswa kukamilika tarehe 3 Aprili. Hadi leo nimepokea 200,000. Salio la 400,000 unatakiwa kulilipa ifikapo tarehe 20 Aprili. Tarehe hiyo ikipita bila malipo, nitafungua madai mahakamani bila kukupa taarifa nyingine."

Hakuna tusi wala lawama humo. Ukali wake wote unatoka kwenye tarehe na hesabu. Sentensi ya mwisho iandike tu kama kweli utafanya hivyo, na usimtishie mtu polisi kwa deni la kawaida la mkataba.

Hatua ya 4. Barua ya kwanza baada ya muda kupita iwe ukumbusho: ukweli uleule na tarehe, bila kutaja mahakama. Huenda ankara ilipotea mezani kwa mhasibu. Ukianza na mahakama, huna pa kupanda tena. Kila barua, baki na nakala iliyosainiwa "nimepokea", pamoja na tarehe.

MASWALI YA WANACHAMA

Swali: Shikamoo mwalimu. Ninayemdai ni mzee aliyewahi kuwa bosi wangu. "Unatakiwa kulipa" naona kama kumvunjia heshima.

Jibu: Marahaba. Heshima iweke kwenye salamu na kwenye hitimisho, na unaweza kuandika "kwa heshima, nakukumbusha kwamba salio la 400,000 lilipaswa kulipwa tarehe 3 Aprili". Kiasi na tarehe usiviguse. Ukivilegeza hivyo, dai lenyewe limelegea.

Swali: "Tafadhali" inadhoofisha dai?

Jibu: Hapana. "Tafadhali lipa ifikapo tarehe 20" ni dai kamili. Kinachodhoofisha ni "ukiweza", "ukipata nafasi" na "mapema iwezekanavyo", kwa sababu vyote vinamwachia mdaiwa apange siku yake.

Swali: Mimi ndiye ninayedaiwa. Nilimwandikia mwenzangu "nitalipa mwisho wa mwezi ujao" akakasirika. Kosa liko wapi?

Jibu: Umempa taarifa mahali palipohitaji ombi. Muda ni wake, wewe ndiye unayeuhitaji. Andika: "Nakiri kudaiwa 400,000. Naomba kulipa kwa awamu mbili, 200,000 tarehe 30 Aprili na 200,000 tarehe 31 Mei. Naomba jibu lako kwa maandishi." Ila ujue ukishakiri deni kwa maandishi, huwezi tena kulikana kirahisi, kwa hiyo hakikisha hesabu kwanza.