Kabla ya kutia saini mkataba wa duka Kampala

Mikataba ya maduka katika akeedi za Kampala, yale majengo yenye maduka mengi, huandikwa kwa Kiingereza, na dalali hupenda kukufungulia moja kwa moja ukurasa wa saini. Omba nakala, ulale nayo usiku mmoja, na kama Kiingereza chako ni cha kuuzia bidhaa tu, mtafute mtu akusomee kifungu kwa kifungu. Sheria ya Wenye Nyumba na Wapangaji ya mwaka 2022 inataka upangaji wenye thamani ya shilingi 500,000 au zaidi uwe wa maandishi, kwa hiyo neno "tutaelewana" lisikutoshe.

Tuseme kodi ni shilingi 600,000 kwa mwezi, na unatakiwa kulipa miezi mitatu mbele pamoja na amana ya mwezi mmoja, yaani 2,400,000. Hapo angalia risiti kuliko mkataba wenyewe. Ikiandikwa kwa jumla kuwa ni "malipo ya duka", amana imeshapotea ndani ya kodi, na siku ya kuondoka utabaki kubishana. Dai amana iandikwe peke yake, pamoja na siku itakayorudishwa na makato yanayoruhusiwa, kwa mfano deni la umeme.

Kuhusu nyongeza, sheria hiyo inaweka kikomo cha asilimia 10 kwa mwaka, hivyo 600,000 haipaswi kuvuka 660,000 mwaka unaofuata. Kifungu kinachosema kodi "itarekebishwa kulingana na hali ya soko" kifutwe, na mahali pake iwekwe tarehe na kiwango.

Vifungu vya kuondoka ndivyo vinavyoumiza zaidi, na watu huvisoma biashara ikiwa imeshayumba. Mkataba wa mwaka mmoja ukidai notisi ya miezi mitatu, nawe ukaona mwishoni mwa mwezi wa tano kwamba wateja hawaji, utalipa mpaka mwisho wa mwezi wa nane: 1,800,000 kwa duka lisilokuingizia kitu. Notisi ya mwezi mmoja ingekugharimu 600,000. Linganisha pia na upande wa pili, kwani nimeona mkataba uliompa mwenye jengo siku 30 huku mpangaji akidaiwa 90. Na ukikuta maneno yanayomruhusu mwenye jengo kuweka kufuli lake mlangoni mara kodi ikichelewa, yakatae, kwa sababu kumtoa mpangaji kunahitaji amri ya mahakama.

Mwisho, tafuta mstari unaosema kila kilichofungwa ukutani hubaki na jengo. Rafu za chuma ulizochomelesha kwa fundi zinaingia humo, na kaunta pia ikiwa imeshikiliwa kwa skrubu. Orodhesha vitu vyako, piga picha za chumba kikiwa kitupu, kisha pande zote mbili zitie saini orodha hiyo siku ileile ya mkataba, mbele ya mwenyekiti wa LC1, yaani baraza la mtaa, kama yupo karibu.